Dawa kwa Mama Mjamzito na Anayenyonyesha: Kidonge Kile Kile, Majibu Tofauti

Mama anayepata mimba ya kwanza hupewa ushauri mwingi. Jirani mmoja humwambia kuwa dawa zote ni mbaya kwa mjamzito, hivyo avumilie. Mwingine humletea vidonge vilivyobaki nyumbani kwake na kumwambia, "Mimi vilinisaidia, meza tu." Kauli zote mbili zinaweza kumdhuru, kwani homa ya malaria isiyotibiwa ni hatari kwa mimba, na kidonge cha jirani nacho kinaweza kuwa hatari kwa mtoto. Katika makala hii tunaeleza dawa chache zinazopatikana kirahisi kwenye maduka yetu ya dawa, ili mama mpya na wanaomtembelea nyumbani waelewe sababu ya kila onyo.

Tumchukulie mama kijana mwenye mimba ya wiki 30, yaani ameingia mwezi wa saba. Jioni moja anaumwa kiuno na kichwa, na mwili una joto. Mumewe anakwenda dukani na kusema, "Ndugu, naomba dawa ya mgongo na homa." Hasemi inakwenda kwa nani. Muuzaji anamwona mwanamume mzima mbele yake, anampa diklofenaki. Nyumbani kuna doksisiklini iliyobaki baada ya kutibu kidonda cha shemeji, na mama anashauriwa achanganye na hiyo "ili imalize homa kabisa". Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mama huyu sasa ana dawa mbili mkononi na zote mbili hazimfai.

Tuanze na diklofenaki. Iko katika kundi moja na ibuprofeni, dawa zinazotuliza maumivu na uvimbe. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa safi huipata katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo karibu na moyo wake kuna mshipa mfupi unaoipitisha damu kando ya mapafu. Mshipa huo hutakiwa kubaki wazi mpaka azaliwe, na kinachouweka wazi ni kemikali ile ile ya mwilini ambayo diklofenaki na ibuprofeni huipunguza. Mama akizitumia kuanzia wiki ya 28 hivi, mshipa unaweza kuziba kabla ya wakati na moyo wa mtoto ukaelemewa. Kuna jambo jingine linaloanza mapema zaidi, kuanzia wiki ya 20. Maji yanayomzunguka mtoto tumboni kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Dawa hizi zinaweza kuzifanya figo zake zitoe mkojo kidogo, na maji hayo yakapungua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo.

Mama aliyekwisha kumeza kidonge kimoja au viwili bila kujua asiingiwe na hofu kubwa. Aache, aende kliniki aeleze alichomeza na kwa siku ngapi. Akiona mtoto hachezi kama kawaida, asisubiri tarehe ya kliniki bali aende siku hiyo hiyo. Hatari huongezeka kwa yule anayemeza kila siku kwa wiki nzima kwa sababu kiuno hakijapoa. Tahadhari pia na vidonge vyenye dawa mbili ndani yake, kwa mfano diklofenaki na parasetamoli pamoja. Mama husikia neno parasetamoli akaridhika, kumbe na ile nyingine imo. Majina ya viambato huandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti, chini ya jina kubwa la biashara, na ndiyo ya kusoma au kusomewa.

Dawa ya maumivu inayomfaa mjamzito ni parasetamoli ya kawaida. Kila kidonge kina miligramu 500. Mtu mzima humeza viwili, kisha anasubiri saa 6 kabla ya kurudia, na asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima. Kuzidisha huharibu ini. Atumie kwa siku chache tu, na maumivu yasipoisha arudi kwa mhudumu. Hata hivyo kuna maumivu ya kichwa ambayo hayafai kutulizwa nyumbani. Mjamzito aliyepita mwezi wa tano akiumwa kichwa sana, akiona ukungu au vimulimuli machoni, au akivimba uso na mikono, apelekwe kupimwa shinikizo la damu mara moja. Hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na parasetamoli itazificha tu.

Sasa ile doksisiklini. Hii na tetrasaiklini hushikamana na madini ya chokaa yanayojenga meno na mifupa. Zikitumika katika nusu ya pili ya mimba, meno ya mtoto yanaweza kuota yakiwa na rangi ya njano au kahawia isiyosafishika. Tena doksisiklini peke yake si tiba ya kutegemewa kwa mtu anayeumwa malaria, hivyo mama angeathiri meno ya mtoto na homa ingebaki pale pale.

Alichohitaji mama huyu ni kupimwa. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Kikionyesha malaria isiyo kali, hupewa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini: vidonge 4, baada ya saa 8 vingine 4, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni vidonge 24. Avimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa bila mafuta dawa hainyonywi vizuri tumboni. Akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie dozi hiyo, na pakiti iliyobaki haitatosha, kwa hiyo arudi akaongezewe. Anayetapika kila kitu, aliyechanganyikiwa au kupata degedege asipewe vidonge nyumbani. Huyo anahitaji sindano hospitalini.

Wengi wanakumbuka kwamba zamani dawa mseto haikutolewa katika miezi mitatu ya kwanza, na mama alipewa kwinini. Ushauri huo umebadilika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya malaria isiyo kali hata katika miezi hiyo, baada ya kupitia kumbukumbu za akina mama waliotibiwa nayo. Basi aliyeimeza kabla ya kujua kuwa ni mjamzito hana sababu ya kulaumiwa wala kuogopeshwa.

Mama asichanganye tiba hiyo na SP anayopewa kliniki. SP ni kinga. Hutolewa vidonge 3 kwa mara moja, mbele ya mhudumu, kuanzia wiki ya 13, kisha tena baada ya mwezi mmoja au zaidi, ili kabla ya kujifungua apate angalau mara tatu. Katika wiki za kwanza haitolewi, kwa sababu huingilia kazi ya asidi ya foliki, na huo ndio wakati uti wa mgongo wa mtoto unapoumbika. Kwa sababu inayokaribiana, kidonge kikubwa cha asidi ya foliki cha miligramu 5 huipunguza SP nguvu, ilhali kile kidogo cha miligramu 0.4 hakina shida. Na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye humeza septrini kila siku asipewe SP, kwa kuwa dawa hizo mbili ni ndugu na madhara yake hujumlishana. Kama mhudumu hajui, SP itatolewa. Baadhi ya akina mama hawasemi kwa sababu foleni iko karibu na mlango unabaki wazi. Hilo kamati ya afya ya parokia inaweza kuliongea na zahanati yake.

Kuna akina mama wenye dawa za kila siku tangu kabla ya mimba. Hapa kosa kubwa ni kuacha ghafla. Valproeti, dawa ya kifafa, inajulikana kusababisha ulemavu: kati ya watoto 100 ambao mama zao waliitumia, takriban 10 huzaliwa na kasoro, wakati kwa kawaida ni 2 au 3. Lakini kifafa kilichoachwa bila dawa kinaweza kumwangusha mama motoni au majini. Anayetumia valproeti aonane na daktari kabla ya kutafuta mimba ili abadilishiwe dawa, na aliyekwisha kushika mimba amwone haraka huku akiendelea kumeza. Vivyo hivyo kwa dawa za presha kama kaptoprili na enalaprili, ambazo hubadilishwa kwa methildopa au nifedipini. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zisiachwe hata siku moja, si wakati wa mimba wala wa kunyonyesha. Naye aliyepewa na daktari aspirini ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba aendelee nayo kama alivyoelekezwa.

Tuseme sasa yule mama amejifungua salama. Tumbo linamkaza kila anaponyonyesha, na mkunga anampa ibuprofeni. Anakataa, maana aliambiwa ni sumu kwa mtoto. Safari hii mkunga yuko sahihi. Mshipa ule wa mtoto ulipaswa kuanza kufunga mara alipovuta pumzi ya kwanza, na ibuprofeni inayoingia katika maziwa ni kidogo mno. Kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake haina neno, na parasetamoli pia ni salama.

Zinazogeuka kuwa hatari sasa ni kodeini na tramadoli. Kodeini humo katika baadhi ya dawa za kikohozi na vidonge vya maumivu makali. Mwilini hugeuzwa kuwa mofini, na wako akina mama ambao miili yao huigeuza upesi kuliko kawaida bila wao kujua, kwa hiyo maziwa yao hubeba mofini nyingi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri kuwa dawa hizi zisitumike wakati wa kunyonyesha. Mtoto aliyeathirika hulala kupita kiasi, hunyonya kwa udhaifu au huwa vigumu kuamshwa, hupumua polepole na kulegea. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na chupa au pakiti ya dawa. Dawa za mafua zinazofungua pua nazo, zile zenye sudoefedrini, zinaweza kupunguza maziwa, na mama hubaki akidhani ni chakula chake kimepungua. Maji ya chumvi puani yatamsaidia bila hasara hiyo.

Yule mume akirudi dukani, sentensi yake ibadilike: "Dawa ni ya mke wangu, ana mimba ya miezi saba," au, "ananyonyesha mtoto wa wiki mbili." Achukue na kadi ya kliniki, ambayo ina tarehe za SP na umri wa mimba. Muuzaji akisita kujibu, awaelekeze zahanati.