Haki katika Kusahihisha Potfolio za Walimu Wanagenzi

Potfolio ni jalada ambamo mwalimu mwanagenzi huhifadhi kazi aliyoifanya wakati wa mazoezi ya kufundisha: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, nakala za madaftari ya wanafunzi aliyoyasahihisha, ripoti za mhadhiri aliyemtembelea darasani, na tafakuri, yaani maelezo yake mwenyewe juu ya yaliyofaulu na yaliyokwama. Miongoni mwa waliolieneza wazo la kuwapima walimu kwa njia hii ni Lee Shulman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Hoja yao ilikuwa kwamba mtihani wa karatasi huweza kuonyesha kuwa mtu anajua jinsi somo linavyofundishwa, lakini hauonyeshi jinsi alivyolifundisha. Hapa Kenya, stashahada ya ualimu ya mtaala wa umilisi iliyoanza mwaka 2021 imeifanya hoja hiyo kuwa yetu pia.

Nguvu ya potfolio yaonekana hasa pale somo linapoharibika. Tuseme wanafunzi wa Gredi ya 5 wanaandika "madawati zimevunjika" badala ya "madawati yamevunjika". Katika chumba cha mtihani, mwanagenzi atataja kanuni ya upatanisho wa kisarifu na kupata alama zake. Katika potfolio, hana budi kuonyesha alilofanya Jumatatu wanafunzi waliposhindwa, alilobadilisha wiki iliyofuata, na kama madaftari yao yalibadilika. Hakuna karatasi ya saa tatu iwezayo kupima jambo hilo.

Lakini kukusanya ushahidi si sawa na kuutolea alama. Jimbo la Vermont, Marekani, lilipoanza kuwapima wanafunzi wake kwa potfolio, Daniel Koretz na watafiti wenzake wa shirika la Rand walilinganisha alama ambazo wasahihishaji wawili waliitolea kazi ile ile. Katika matokeo ya mwaka 1992, wastani wa uwiano wa alama hizo ulikuwa kati ya 0.33 na 0.43, ambapo 1 ni maafikiano kamili na 0 ni kukosa uhusiano wowote. Hao walikuwa wanafunzi wa shule, si walimu wanagenzi, lakini wasahihishaji walikuwa watu wazima wenye ujuzi wa kazi yao, na shida iliyowakuta ndiyo ituhusuyo.

Katika kozi za Kiswahili shida hiyo ina sura ya pekee, kwa sababu potfolio huandikwa kwa lugha ambayo msahihishaji ameifanya taaluma yake. Na tuchukue wanagenzi wawili wa kubuni. Wa kwanza anaandika Kiswahili fasaha, chenye mapigo mazuri. Tafakuri yake yasema kwamba wanafunzi walilifurahia somo mno, naye ameambatisha mazoezi matatu, yote ya wanafunzi bora. Wa pili anaandika kwa kukwaruza, na mara mbili upatanisho wake mwenyewe unampotea. Hata hivyo, ameambatisha kazi za wanafunzi sita, wawili hodari, wawili wa wastani na wawili dhaifu, kabla ya somo na wiki tatu baadaye. Aeleza kwamba kujaza ubao kwa majedwali ya ngeli hakukusaidia, ndipo akawashikisha wanafunzi vitu vya darasani na kuwataka wavitungie sentensi. Makosa ya upatanisho katika kazi hizo sita yalipungua kutoka 31 hadi 12. Mwanafunzi mmoja hakubadilika, na mwanagenzi amesema hivyo waziwazi.

Msahihishaji anayesoma jalada zima na kutoa alama moja kwa jumla atampa wa kwanza 16 kati ya 20, na wa pili 11. Hakukusudia kudhulumu. Mwaka 1920 Edward Thorndike alionyesha kwamba sifa moja inayomvutia mpimaji huzipaka rangi sifa nyingine zote, na ufasaha ni rangi inayokolea upesi machoni mwa mhadhiri wa lugha.

Basi tuligawe jalada katika vigezo vinne, kila kimoja alama 5: mpango wa somo, ushahidi wa kujifunza kwa wanafunzi, tafakuri iliyofungamana na ushahidi huo, na lugha. Wa kwanza apata 4, 2, 2 na 5. Wa pili 3, 4, 4 na 2. Wote wana 13. Hapo idara yapaswa kuamua ni kipi kilicho kizito zaidi. Ikiwa ushahidi na tafakuri vitahesabiwa mara mbili, wa kwanza atapata 17 kati ya 30, na wa pili 21. Kigezo cha lugha hakifai kuondolewa, maana mwalimu wa Kiswahili asiyekiandika vyema atawaambukiza wanafunzi wake. Kinachotakiwa ni kwamba lugha ihesabiwe mara moja tu, mahali pake. Uzito huo utangazwe kabla wanagenzi hawajaenda shuleni. Vivyo hivyo kanuni ya kuchagua kazi za wanafunzi: idara ndiyo iseme ni sita, wa viwango vitatu, la sivyo kila jalada litakuwa maonyesho ya wanafunzi hodari.

Hata vigezo vikiwa bora, sharti tujue kama wasahihishaji wanaafikiana, na hapa asilimia huweza kudanganya. Tuseme wahadhiri wawili wamesoma majalada 20, kila mmoja peke yake. Kila mmoja amefaulisha 16 na kuangusha 4. Wameafikiana juu ya 14: 13 yamefaulu kwa wote wawili na 1 limeanguka kwa wote wawili. Asilimia 70 yapendeza. Lakini kama kila mmoja angegawa idadi zake pasipo kusoma chochote, kwa bahati tu wangetarajiwa kuafikiana juu ya majalada 13.6. Kusoma kwao kote kumeongeza 0.4. Kipimo cha kapa, alichokibuni Jacob Cohen mwaka 1960, hugawa ziada hiyo kwa ziada kubwa kabisa iliyowezekana, yaani 6.4, na jibu ni takriban 0.06: karibu na sufuri.

Dawa ya hali hiyo huanza kabla ya usahihishaji. Wahadhiri wote husoma majalada manne au matano yale yale, kila mmoja huandika alama zake pasipo kushauriana, kisha hukutana na kila mtu kuonyesha ukurasa uliomfanya atoe 2 badala ya 4. Wakishauriana kwanza, mkubwa wa cheo ndiye atakayetoa alama, na maafikiano yatakayopatikana yatakuwa ya adabu tu. Kazi yenyewe ikianza, jalada ambalo alama zake zimeachana kwa zaidi ya kiwango kilichowekwa hupelekwa kwa msahihishaji wa tatu asiyeziona alama za wenzake.

Yote haya hula muda. Jalada moja likisomwa kwa dakika 45 na watu wawili, wanagenzi 60 watahitaji saa 90 za usahihishaji. Idara isiyokuwa na saa hizo ni afadhali ipunguze vitu vinavyoingia jaladani kuliko kumwondoa msahihishaji wa pili. Mfululizo mmoja wa masomo matatu uliokamilika wafaa kuliko maandalio arobaini yaliyorundikwa. Saa zitakazookolewa zitumike kumhoji kila mwanagenzi kwa dakika kumi juu ya jalada lake, kwani siku hizi maandalio hunakiliwa na hata kununuliwa. Swali moja aghalabu hutosha: mwanafunzi yule ambaye makosa yake hayakupungua, alikuwa akikosea nini? Aliyefundisha hujibu pasipo kufungua ukurasa.