Video ya Maji Safi: Maji ya Kuchemsha na Risasi Kwenye Paipu

Maelezo haya yanaambatana na video kwa ajili ya kaya za Louisville, Columbus na Buffalo. Tafadhali yasambazwe pamoja na video katika vikundi vya jumuiya.

Video inaonyesha nini

Mama anateka maji bombani asubuhi, anayachemsha kwa muda mrefu, kisha anamkorogea mtoto wake maziwa ya kopo. Alikotoka, kuchemsha ndiyo kinga iliyozoeleka, na ni kinga ya kweli: moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hata katika miji hii mitatu, idara ya maji ikitangaza kuwa maji yachemshwe, kwa mfano baada ya paipu kubwa kupasuka, yaache yatokote kwa nguvu dakika 1 kamili kabla ya kuyanywa.

Lakini madini ya risasi si kijidudu, na moto hauyaondoi. Tuseme sufuria ina lita 2 za maji, na kila lita ina mikrogramu 12 za risasi. Jumla ni mikrogramu 24. Maji yakichemka hadi zikabaki lita 1 na nusu, mvuke umeondoka lakini mikrogramu 24 zimebaki zote, na sasa kila lita ina 16. Kuchemsha kumeyazidisha makali.

Risasi hutoka wapi

Maji hutibiwa kabla hayajatumwa majumbani. Risasi huingia njiani, hasa katika paipu inayoyatoa barabarani na kuyaingiza nyumbani. Marekani ilipiga marufuku kufunga paipu mpya za risasi mwaka 1986, ila zile za zamani nyingi zingali ardhini. Maji yakilala humo usiku kucha, hunyonya risasi kidogo kidogo. Hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Kwa mtoto mdogo na mimba, hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, kwani huathiri ubongo unaokua.

Kuitambua paipu

Tafuta mahali paipu inapoingilia nyumbani, mara nyingi katika chumba cha chini ya nyumba, karibu na mita ya maji. Ikwaruze taratibu kwa sarafu. Risasi ni laini, hung'aa kama fedha ilipokwaruzwa, na sumaku haiishiki. Shaba huonyesha rangi nyekundu ya kahawia. Sumaku ikinasa, hiyo ni chuma. Mpangaji asiyeweza kufika hapo amwulize mwenye nyumba.

Tangu Oktoba 2024, mashirika ya maji yanatakiwa kuwa na orodha ya paipu hizi iliyo wazi kwa umma, na kuwaandikia barua wenye paipu ya risasi au isiyojulikana. Barua hiyo isitupwe pamoja na matangazo ya biashara. Huko Buffalo kuna mpango wa jiji wa kubadilisha paipu hizo uitwao ROLL. Huko Louisville, shirika la maji lilimaliza mwaka 2020 kuondoa paipu za risasi zilizojulikana upande wake, lakini kipande kilicho upande wa mwenye nyumba huenda kikawa bado cha risasi.

La kufanya nyumbani

Kwa kunywa, kupikia na maziwa ya mtoto, tumia maji ya baridi tu, kisha yapashe moto jikoni. Maji yanayotoka bombani yakiwa moto huyeyusha risasi zaidi.

Maji yaliyolala yaache yatiririke dakika kadhaa kwanza. Kuoga au kufua nguo asubuhi hufanya kazi hiyo bila kupoteza maji, na kuoga hakuna hatari, kwa sababu risasi haipenyi ngozi kwa urahisi.

Ukinunua chujio, angalia boksi lake lina maandishi NSF/ANSI 53 na lataja kuwa chujio huondoa risasi. Si kila chujio hufanya hivyo. Mengine hurekebisha ladha tu. Kichungi cha ndani kibadilishwe kwa wakati uliotajwa, kwani kikichakaa hakikingi tena. Wavu mdogo ulio kwenye mdomo wa bomba nao uoshwe mara kwa mara, maana vipande vya risasi hunasa humo.

Mtoto apimwe damu

Dalili huchelewa kuonekana, hivyo kipimo cha damu ndicho kinachojulisha. Watoto wakimbizi hupimwa wanapowasili, na walio wadogo hutakiwa kurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6, kwa kuwa risasi yaweza kutoka katika nyumba wanayohamia, kwenye maji au rangi ya zamani ya kuta. Mwulize daktari tarehe ya kipimo cha pili.

Katika miji yote mitatu, pigia simu shirika lako la maji uulize kuhusu paipu ya nyumba yako na namna ya kupimiwa maji. Omba mkalimani wa Kiswahili.