Kuhesabu wasomaji bila kutunza orodha yao

Msomaji akifungua tovuti ya habari mara kumi kwa siku, tovuti imefunguliwa mara kumi lakini msomaji ni mmoja. Kuhesabu mara ilizofunguliwa ni kazi nyepesi, maana unaongeza moja basi. Kuhesabu wasomaji ni shughuli nyingine: kila anayeingia, lazima ujue kama leo alishaingia, na ili ujue inakubidi utunze orodha ya wote. Wasomaji milioni 10, kila mmoja akiwa na namba ya utambulisho ya baiti 8, wanachukua megabaiti 80 kwa namba tupu. Ukitaka orodha ya namna hiyo kwa kila habari na kwa kila siku, kumbukumbu ya seva haitoshi.

Mwaka 2007 Mfaransa Philippe Flajolet na wenzake watatu walichapisha mbinu inayoitwa HyperLogLog, ambayo haitunzi orodha yoyote. Hifadhidata ya Redis inaitumia, na herufi PF katika amri zake ni za jina lake Flajolet:

```
PFADD jumatatu msomaji:4821
PFCOUNT jumatatu
PFMERGE siku_mbili jumatatu jumanne
```

Amri ya kwanza inapofika, utambulisho wa msomaji hupitishwa kwenye kanuni ya heshi, ukatoka mfululizo wa biti 64 unaoonekana kama wa bahati nasibu. Msomaji yuleyule hupata mfululizo uleule daima. Biti 14 huchagua rejista moja kati ya 16,384. Katika biti zilizobaki, Redis huangalia ni sifuri ngapi zinatangulia kabla ya moja ya kwanza. Rejista hukumbuka mfuatano mrefu kuliko yote iliyowahi kuuona, na kingine chochote haikiweki. Ndiyo maana anayerudi mara kumi habadilishi kitu.

Mfuatano huo unasema mengi kuhusu idadi. Ni kama kurusha sarafu: kupata kichwa mara kumi mfululizo hutokea kwa mmoja kati ya 1,024, kwa hiyo aliyefikia hapo huenda amejaribu mara nyingi. Wasomaji milioni 10 wakigawanywa kwenye rejista 16,384, kila rejista hupata 610 hivi, na mfuatano wake mrefu zaidi huwa wa sifuri tisa au karibu na hapo. Rejista moja inaweza kudanganya vibaya, maana msomaji mmoja mwenye bahati anatosha kuipandisha. Basi zote huunganishwa kwa wastani wa aina isiyoyumbishwi na chache zilizopanda mno. Kila rejista ni biti 6, na jumla yake ni kilobaiti 12, wawe wasomaji elfu mia au bilioni.

Gharama yake ni kosa. Kosa la kawaida ni 1.04 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya rejista, yaani asilimia 0.81 kwa Redis. Kwa wasomaji milioni 10 hiyo ni 81,000 juu au chini, na wakati mwingine huzidi hapo. Ukitaka kosa lipungue nusu, zidisha rejista mara nne.

Kuunganisha siku hakuongezi kosa. PFMERGE huchukua namba kubwa kwa kila rejista, na matokeo ni yaleyale ambayo yangepatikana kama wasomaji wote wangeingizwa sehemu moja tangu mwanzo. Uzuri huu ndio unaowatia watu mtegoni, kwa sababu swali linalofuata huwa: wangapi walisoma Jumatatu wakarudi Jumanne?

Tuseme kila siku ilikuwa na wasomaji 1,000,000, na waliorudi ni 10,000. Jumla ya watu wa siku mbili ni 1,990,000. Hesabu ya waliorudi hupatikana kwa kujumlisha siku mbili na kutoa muungano wake. Lakini kosa la kawaida la muungano ni watu 16,000 hivi. Hata kama hesabu za kila siku zingekuwa sahihi kabisa, muungano ukisomeka 2,006,000, waliorudi wanakuwa hasi 6,000. Jibu hasi utalishtukia. Jibu la 25,000 linaloonekana la kawaida ndilo litakalokwenda kwenye ripoti. Kwa hiyo linganisha kwanza jibu na kosa la muungano. Likiwa si kubwa mara kadhaa kuliko kosa hilo, usilitumie.

Kwa swali hilo, afadhali sampuli: tunza utambulisho wa wale tu ambao heshi yao inaangukia kwenye fungu moja kati ya mia, fungu lilelile kila siku. Kila siku utabaki na watu 10,000 hivi, kilobaiti 80, na waliorudi wataonekana kama 100. Hesabu ya 100 huyumba kwa karibu 10, yaani asilimia 10. Ukizidisha kwa mia, kosa la waliorudi ni watu 1,000 badala ya 16,000.