Kanuni Inapofikishwa Upuuzini: Mita 60 za Mto Kilombero

Katika mijadala kuhusu nani atumie ardhi na maji ya Bonde la Kilombero, iwe ni katika mkutano mkuu wa kijiji au kwenye vibaraza vya mji wa Ifakara, husikika mara kwa mara jibu linaloanza kwa maneno "kama ni hivyo, basi". Anayejibu hivyo hapingi moja kwa moja kauli ya mwenzake, bali anaikubali kwa muda ili aonyeshe inakoelekea, na akishafika huko anauliza kama kuna mtu aliye tayari kubaki hapo. Wanamantiki, yaani wataalamu wanaochunguza kanuni za kufikiri sahihi, wameishughulikia hoja ya namna hii tangu zama za Aristotle huko Ugiriki ya kale, na hapa itaitwa ukanushaji kwa upuuzi.

Umbo lake ni jepesi kueleza. Mpinzani ametoa kanuni. Kutokana na kanuni hiyo linapatikana tokeo. Tokeo hilo ni upuuzi. Kwa hiyo kanuni haiwezi kuwa kweli kama ilivyotamkwa. Katika hisabati upuuzi maana yake ni mgongano kamili, kwa mfano namba ileile kuonekana kuwa shufwa na witiri kwa wakati mmoja, na hapo hakuna pa kukimbilia. Katika mjadala wa ardhi mgongano wa namna hiyo ni nadra, na upuuzi huwa ni tokeo linalopingana na jambo ambalo mwenye kanuni mwenyewe analishikilia. Nguvu yote ya hoja imo katika sharti hilo, na mengi yanayoharibika huharibika kwa kulisahau.

Kauli isemayo kwamba mgeni hana haki ya ardhi bondeni, ambayo hutolewa hasa dhidi ya wafugaji walioingia na ng'ombe wao kutoka mikoa mingine, inafaa kuonyesha hoja hii ikitumika kwa haki. Ikichukuliwa kama ilivyosemwa, inawagusa wengi wasiokusudiwa: wakulima waliofuata reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kupita Ifakara na Mlimba, watu waliovutwa na kiwanda cha sukari cha Kilombero kuanzia miaka ya 1960, na hata Wambunga, wanaohesabiwa leo kuwa miongoni mwa wenyeji wa Ifakara ingawa waliingia bondeni katika karne ya 19. Isitoshe, ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Msemaji ambaye babu yake alifika kwa ajili ya miwa hawezi kukubali kwamba naye afungashe, na kwa kuwa hawezi, ni lazima aiache kanuni yake au airekebishe. Kwa kawaida huirekebisha, na hapo ndipo faida ya hoja inapoonekana, kwa sababu atasema kwamba tatizo lake si asili ya mtu bali ni wingi wa mifugo katika ardhi oevu, na mjadala utakuwa umehama kutoka kwenye swali la nani alizaliwa wapi kwenda kwenye swali linaloweza kupimwa.

Mambo huwa magumu zaidi katika suala la mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, fukwe za bahari na za maziwa, na mabwawa, na mitaani kifungu hicho kimefupishwa kuwa marufuku ya shughuli yoyote ya kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mkulima wa vinyungu, yaani bustani za kiangazi zinazolimwa kwenye udongo wenye unyevu kando ya maji, anaweza kujibu hivi: kama hairuhusiwi shughuli yoyote, basi mama anayechota maji ya kupikia anavunja sheria, mvuvi anayeingiza mtumbwi majini anavunja sheria, na Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018 ili kuunganisha Ifakara na upande wa Mahenge badala ya kivuko, ni kosa la jinai lililojengwa kwa fedha za serikali. Hakuna anayekubali hayo. Kwa hiyo katazo halina maana, na vinyungu vilimwe.

Hoja hii inapendeza masikioni, na nusu yake ni sahihi. Imeiangusha kabisa kauli ya mitaani, na afisa aliyeitamka kwa maneno hayo anastahili kuambiwa kwamba ameilisha sheria maneno. Lakini sheria yenyewe haisemi hivyo. Inakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya kingo, na inampa waziri mamlaka ya kutoa miongozo kuhusu yanayoweza kufanyika ndani ya ukanda huo. Kuchota ndoo ya maji hakumo, na mtumbwi unaopita haumo. Dhuluma ya kwanza katika ukanushaji kwa upuuzi ndiyo hii: kanuni huvuliwa vizuizi vyake, yaani maneno yanayoipunguzia upana, kisha ile iliyobaki uchi ndiyo inayopigwa, na pigo likatangazwa kuwa limeipata kanuni nzima. Njia ya kuitambua ni kumrudia mwenye kanuni na kumuuliza kama alimaanisha zote bila kubakiza. Ikiwa neno moja tu alilokuwa nalo tangu mwanzo linatosha kuliondoa tokeo la kipuuzi, basi kilichokanushwa ni maneno ya haraka, wala si wazo.

Kasoro ya pili imejificha katika sentensi ya mwisho ya mkulima, ile isemayo vinyungu vilimwe. Hata kama ingethibitika kwamba si kila shughuli imekatazwa, isingefuata kwamba kinyungu kimeruhusiwa, kwa maana kukanusha neno "zote" hakumwambii mtu ni zipi zilizobaki. Jambo hilo linahitaji hoja yake ya pekee, na hoja hiyo haipatikani katika mantiki bali katika udongo. Matete na nyasi ndefu za ukingoni hushika ardhi kwa mizizi. Mkulima anapoyafyeka na kulima kwa jembe la mkono mpaka kwenye mdomo wa maji, udongo uliolegea humomonyoka mvua zinapoanza, tope hujaza mkondo, na mto unaokosa kina hujitafutia upana, mara nyingi kwa kula mashamba yaleyale. Anayetaka kutetea vinyungu kwa haki atahitaji kuonyesha kwamba vinaweza kulimwa bila kugusa mstari wa matete, jambo ambalo daraja na ndoo ya maji haviwezi kumsaidia kuthibitisha.

Hata hivyo, daraja halipaswi kuachwa lipite kimyakimya, kwa sababu nguzo zake ni za kudumu kwa kila maana ya neno hilo, na hapo mtetezi wa sheria analazimika kukiri kwamba kanuni inahitaji ruhusa maalumu. Je, ruhusa hiyo ni ya haki au ni mlango wa nyuma? Kipimo chake ni kama sababu ya kuitoa inatokana na lengo lilelile la kanuni. Daraja haliwezi kuvuka mto bila kugusa kingo, linagusa sehemu ndogo, na ujenzi wake unaweza kuwekewa masharti ya kuimarisha ukingo. Sababu hizo zinamfaa yeyote mwenye hali kama hiyo. Lakini pale mwenye mashine kubwa ya kusukuma maji anaporuhusiwa kuchimba mtaro ukingoni na mwenye matuta machache ya mchicha akanyimwa, bila tofauti yoyote inayohusu mmomonyoko au maji, ruhusa hiyo imebuniwa ili kuikwepa hoja tu, na mkulima ana haki ya kuirudisha kwa nguvu zake zote.

Kuna pia jibu linalocheza na namba yenyewe: kama mpunga ulio mita 59 kutoka mtoni unauharibu mto, inawezekanaje ule ulio mita 61 usiuharibu? Hapa upuuzi ni wa kutengenezwa, kwa kuwa sheria haidai kwamba maumbile yanabadilika ghafla kwenye mita ya 60. Madhara hupungua kidogokidogo kadiri shamba linavyosogea mbali, ilhali kigingi lazima kichomekwe mahali pamoja ili mwenye jembe na mwenye mamlaka wajue walipo, na namba yoyote ambayo ingechaguliwa ingepata jirani yake wa kulalamika. Hoja inayoweza kuangusha kila mpaka kwa usawa haijaonyesha kasoro ya mpaka huu.

Lipo vilevile tokeo linaloitwa la kipuuzi ilhali ni chungu tu, kama vile familia fulani kupoteza robo ya shamba lake iwapo vigingi vitafuatwa. Hilo ni jambo zito linalodai kupimwa, pengine na kufidiwa, lakini mtu anaweza kulikubali bila kujipinga, na kulitendea kana kwamba limemaliza mjadala ni kuinyima familia hiyo hoja yake ya kweli, ambayo ni hoja ya haki wala si ya mantiki.

Baada ya hayo yote kunabaki swali moja ambalo mkulima wa Kilombero anaweza kuliuliza kwa haki kamili, nalo ni kwamba mita 60 zinahesabiwa kuanzia wapi. Wakati wa masika mto huacha mkondo wake na kutandaa kwenye tambarare kwa kilomita nyingi, na mpunga wa bonde unategemea maji hayohayo. Kama ukingo ni pale maji yanapofika wakati wa mafuriko, basi mashamba ya tambarare yanayofunikwa na maji kila mwaka yamo mtoni, na sheria iliyokusudia kulinda ukanda mwembamba inageuka kuwa katazo la kilimo cha bonde. Kama ukingo ni pale maji yanapoishia kiangazi, kigingi kitasimama mahali ambapo miezi michache baadaye patapitwa kwa mtumbwi. Na sehemu ambazo mkondo hugawanyika katika matawi yanayohama, kigingi cha mwaka huu kinaweza kujikuta mwakani katikati ya maji au mbali nayo kabisa. Matokeo haya yote hayakubaliki hata kwa anayeitetea sheria kwa moyo wote, hayakupatikana kwa kumpunguzia maneno, na hayawezi kuondolewa kwa kumkumbusha muulizaji umuhimu wa mazingira. Afisa anayesimama mbele ya mkutano wa kijiji akiwa na futi kamba mkononi anapaswa kutaja, kabla ya kuikunjua, ni ukingo wa msimu gani anaoupima na ni kwa uamuzi wa nani.