Maji ya Sikio Yanapozidi

Sikio la ndani lina kazi mbili. Koklea, iliyojiviringa kama konokono, husikia. Mifereji mitatu ya nusuduara na vifuko vilivyo jirani yake hupima mwendo na mkao wa kichwa. Ndani ya sehemu zote mbili hupita mirija ya utando mwembamba iliyojaa endolimfu, majimaji yenye potasiamu nyingi. Nje ya utando huo kuna perilimfu, yenye sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Seli za kusikia na za mizani hutegemea tofauti hiyo.

Mwaka 1861, daktari Prosper Meniere wa Paris alieleza kwamba kizunguzungu cha aina hii hutoka sikioni, wakati wenzake wengi wakikihesabu kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1938 wachunguzi wa London na Japani walipasua masikio ya marehemu waliougua hivyo, wakakuta mirija ya endolimfu imevimba.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 45 anayeugua sikio la kulia. Tangu asubuhi anahisi sikio limejaa na linavuma. Sauti za wanaume hazimfikii sawasawa, ila kengele ya simu anaisikia vizuri. Utando wa ndani ya koklea huwa mpana na legelege zaidi kwenye ncha ya koklea, na hapo ndipo sauti nzito hupokelewa, kwa hiyo uvimbe huanza kuivuruga sehemu hiyo.

Saa sita mchana chumba kinaanza kuzunguka. Macho yanachezacheza yenyewe, anatapika, hawezi kusimama, lakini fahamu zote anazo. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, utando uliovimba umechanika au umevuja. Potasiamu imeingia kwenye perilimfu na kuifikia neva, ambayo kwanza inapiga kelele kupita kiasi, kisha inazimika. Ubongo unapokea habari zisizolingana kutoka masikio mawili, nao unaamini kichwa kinazunguka. Baada ya saa mbili hali inatulia. Utando umeziba na chumvi zinarudi mahali pake. Kesho yake anasikia karibu kama zamani.

Karibu tu, maana kila shambulio linaweza kuacha dosari. Miaka ikipita, usikivu haurudi tena juu, ingawa mara nyingi kizunguzungu hupungua. Maelezo haya yana kasoro yake: wapo watu ambao mirija yao imevimba na hawajawahi kuugua.

Wengi husingizia presha, ilhali muda wa shambulio husema mengi. Kizunguzungu cha Meniere hudumu kati ya dakika 20 na saa 12. Kinachokuja kwa sekunde chache mtu anapojigeuza kitandani kwa kawaida hutokana na chembe za chokaa zilizohama sikioni, na kinachoendelea kwa siku kadhaa bila kukatika huelekea kuwa uvimbe wa neva ya mizani. Daktari hupima usikivu zaidi ya mara moja, kwa kuwa kipimo kilichofanywa siku ya nafuu kinaweza kuonyesha sikio lisilo na tatizo.