Ujumbe Mmoja, Wewe Leo, Mwenzio Jana

Ni mwezi wa Januari. Dada yuko Dar es Salaam, kaka yake anaishi Toronto. Jumanne saa moja asubuhi dada anamwandikia: "Kikao cha harusi ni kesho jioni." Toronto bado ni Jumatatu, saa tano usiku, kwa kuwa iko nyuma kwa saa nane. Kaka anaufungua ujumbe saa sita na nusu usiku. Juu yake pameandikwa "Jana". Kwa dada, ujumbe uleule bado ni wa "Leo".

Hakuna simu iliyokosea. Kwa kawaida, programu za mazungumzo hazihifadhi neno "leo" wala "jana". Zinahifadhi nukta moja ya wakati, mara nyingi kwa hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia za UTC. Simu ya msomaji ndiyo inayoigeuza nukta hiyo kuwa saa za mahali alipo, kisha inatazama kama usiku wa manane wa huko umeshapita.

Hatari iko ndani ya maneno yenyewe, maana "kesho" ya dada haigeuzwi na simu. Kikao ni Jumatano. Kaka akiona "Jana", atahesabu kesho yake kuwa Jumanne, na atakuwa amepotea siku nzima.

Kwa hiyo, ukimwandikia ndugu aliye mbali, taja siku, tarehe na saa za mji gani: "Jumatano, saa kumi na moja jioni, saa za Dar."