Chuo, Gereji na Hati Iliyo Kati Yao

Mwanagenzi wa ufundi magari anaporipoti gereji kwa mara ya kwanza, maswali huanzia getini. Ovaroli na buti za usalama atapewa na nani? Nauli na chakula cha mchana ni juu ya nani? Atakaa chini ya fundi yupi? Akiumia kidole kwenye mkanda wa injini, nani atampeleka hospitali na nani atalipa? Majibu yalipaswa kuwamo katika hati ya makubaliano waliyoitia saini mkuu wa chuo na mkurugenzi wa gereji. Mara nyingi hayamo. Kilichomo ni kurasa mbili tatu zinazosema kwamba pande zote mbili zitashirikiana kwa karibu kuendeleza ujuzi wa vijana.

Nchini Tanzania hati za aina hii zinahitajika sana, kwa sababu uanagenzi hauwezekani bila mwajiri. Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi wa mwaka 2017 umejengwa juu ya wazo kwamba kijana ajifunze sehemu chuoni na sehemu kazini. Chuo kina walimu, mtaala na mitihani. Gereji ina magari mabovu yanayoingia kila siku, spea halisi na wateja wanaosubiri. Hakuna anayemwamuru mwenzake. Kinachowaunganisha ni hati hiyo tu, na ndiyo maana inafaa kuisoma kwa makini kabla kalamu hazijatolewa.

Je, hati hii inamfunga mtu?

Wengi huamini kwamba hati ya makubaliano haina nguvu ya kisheria, na kwamba mkataba pekee ndio wenye nguvu. Mambo hayaendi hivyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa lengo halali, na kila upande ukitoa kitu chenye thamani kwa ajili ya mwenzake. Jina lililoandikwa juu ya karatasi haliamui. Mahakama hutazama maneno yaliyomo ndani na nia ya waliosaini.

Ipo kesi maarufu ya Uingereza inayolionyesha hili vizuri, nayo inatuhusu kwa kuwa sheria zetu za mikataba zina mizizi huko. Mwaka 1913 kampuni ya Marekani ya Rose and Frank ilikubaliana na watengenezaji wa karatasi wa Uingereza, J. R. Crompton na wenzao, kuhusu kuuza karatasi zao Marekani. Waliandika wazi kwamba waraka wao si mkataba wa kisheria na hautapelekwa mahakamani. Mwaka 1919 uhusiano ukavunjika, na Wamarekani wakashtaki. Uamuzi wa mwisho ulikuwa na sehemu mbili. Waraka wenyewe haukumfunga yeyote, kwa sababu wahusika walisema hivyo kwa maneno yao. Lakini oda ambazo tayari zilikuwa zimetumwa na kukubaliwa zilikuwa mikataba kamili, na aliyezikataa alipaswa kuwajibika.

Funzo lake kwa chuo na gereji ni kubwa. Hati kuu inaweza kuwa ahadi ya uungwana, lakini kundi la wanagenzi lililokwisha kupokewa ni jambo jingine. Kwa hiyo hati nzuri hutaja yenyewe ni ibara zipi zinafunga na zipi hazifungi. Kwa kawaida ibara za usiri, usalama, fidia ya uharibifu na utaratibu wa kumaliza kundi lililoanza huandikwa kuwa zinafunga. Nia ya kushirikiana na mipango ya baadaye huachwa bila kufunga. Hati isiposema lolote, kila upande utabaki na imani yake mpaka siku ya ugomvi.

Majukumu: kitenzi kimoja, mtu mmoja, tarehe moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo cha ufundi kinataka kupeleka wanagenzi 20 kwenye gereji yenye mafundi 15. Mazungumzo ya kwanza yanazaa ibara inayosema: "Gereji itatoa mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wa chuo." Sentensi hiyo haina kosa la lugha, lakini haimwambii fundi mkuu afanye nini. Vijana 20 wakiingia siku moja, kila fundi atakuwa na mmoja na wengine watano watabaki wakizurura. Baada ya wiki mbili wote watakuwa wanaosha magari na kubadilisha matairi, na gereji itakuwa na haki ya kusema kwamba hayo nayo ni mafunzo kwa vitendo.

Ibara hiyohiyo ikiandikwa upya inaweza kusomeka hivi: "Gereji itapokea wanagenzi 10 kwa kila kundi, kwa wiki 12. Kila mwanagenzi atapangiwa fundi mmoja, na fundi mmoja hatakuwa na wanagenzi zaidi ya wawili. Kila mwanagenzi atafanya kazi za breki, za mfumo wa kupooza injini na za umeme wa gari, angalau wiki tatu kwa kila eneo. Fundi atasaini daftari la mafunzo la mwanagenzi kila Ijumaa." Sasa kuna idadi, muda, mtu anayewajibika na ushahidi. Mwalimu wa chuo akifika wiki ya nne na kukuta daftari limejaa neno "usafi", ana mahali pa kushika.

Upande wa chuo nao uandikwe kwa uzito uleule. Hapa ndipo hati nyingi hupinda, kwa kuwa huandaliwa na chuo na kumpa mwajiri orodha ndefu huku chuo kikibaki na kazi ya "kuratibu". Katika mfano wetu chuo kingeahidi kuwafundisha vijana usalama wa karakana kabla hawajaenda, kuwapa ovaroli na buti, kuwakatia bima ya ajali, na kumtuma mwalimu gereji angalau mara moja kila wiki tatu. Kingeahidi pia kujibu kwa maandishi ndani ya siku tano fundi akilalamika juu ya mwanagenzi.

Fedha nazo zisifichwe kwa aibu. Nauli, chakula, posho ya fundi anayefundisha, spea zitakazoharibika mikononi mwa mwanafunzi: kila kimoja kipate mwenyewe. Ikiwa hakuna atakayelipa posho, hati iseme hivyo waziwazi. Fundi anayefundisha bila malipo huku akijua tangu mwanzo hufanya kazi tofauti na yule aliyedhani atalipwa.

Jambo jingine ni vyeo. Mratibu wa kila upande atajwe kwa cheo, na msaidizi wake pia. Ushirikiano mwingi hufa siku ambayo mwalimu mmoja mchangamfu anahamishwa, kwa sababu ulikuwa katika simu yake na si katika hati.

Muda na mlango wa kutokea

Njia inayofanya kazi ni kuwa na tabaka mbili. Hati kuu hudumu, tuseme, miaka mitatu, na hubeba mambo yasiyobadilika: lengo, majukumu ya jumla, ibara zinazofunga na utaratibu wa migogoro. Chini yake huja kiambatisho cha kila kundi, chenye tarehe za kuanza na kumaliza, majina ya wanagenzi, majina ya mafundi wao na kazi watakazofanya. Kiambatisho husainiwa na waratibu bila kuwasumbua wakuu. Mwaka ambao gereji ina kazi nyingi, inaweza kupokea vijana sita badala ya kumi bila kuvunja uhusiano wote.

Kosa la kawaida katika ibara ya muda ni kuandika kwamba hati "itaendelea mpaka pande zitakapokubaliana vinginevyo". Hati ya namna hiyo haifi wala haiishi. Afadhali iwe na tarehe ya mwisho, na ihuishwe kwa maandishi miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, baada ya kikao cha pamoja cha kupitia madaftari na matokeo. Kujihuisha kwenyewe kunaonekana kurahisisha mambo, lakini kunaondoa kikao pekee ambacho kingelazimisha watu kuuliza kama vijana wamejifunza.

Kila upande uwe pia na haki ya kujitoa kwa notisi, kwa mfano ya siku 60, bila kulazimika kuthibitisha kosa la mwenzake. Ila haki hiyo iambatane na sentensi moja muhimu kuliko zote: kundi lililokwisha kuanza litamaliza. Bila sentensi hiyo, ugomvi wa wakubwa wawili unaweza kumrudisha nyumbani kijana aliyebakiza wiki tatu apate cheti.

Wasipoelewana

Turudi kwa mfano wetu. Wiki ya tano, mwanagenzi anachomeka vibaya mashine ya kupimia hitilafu za gari na kuiunguza. Gereji inataka chuo kilipe. Chuo kinajibu kwamba fundi alimwacha kijana peke yake na mashine ya bei kubwa, na kwamba vijana wengine wamekuwa wakiosha magari tangu waje. Kila upande una hoja, na malalamiko mawili yasiyohusiana yameshafungwa pamoja kama kuni.

Ibara dhaifu ingesema kwamba tofauti zozote "zitatatuliwa kwa nia njema". Nia njema haina tarehe wala kiti cha kukalia. Ibara yenye msaada hupanga ngazi. Kwanza, anayelalamika humwandikia mratibu wa upande wa pili akitaja ibara iliyovunjwa, na waratibu hukutana ndani ya siku tano za kazi. Wakishindwa, jambo hupanda kwa mkuu wa chuo na mkurugenzi, walio na siku 14. Wakishindwa nao, humwita msuluhishi wanayemkubali wote, na gharama zake wanagawana nusu kwa nusu. Msuluhishi huwasaidia kupatana, hatoi hukumu. Wakitaka mtu wa kutoa uamuzi utakaowafunga, lazima waandike hivyo wazi na kusema atateuliwa vipi, kwa kuwa watu waliokwisha kukasirikiana hawakubaliani hata juu ya mwamuzi. Katika hatua zote hizo, mafunzo yanaendelea.

Katika ngazi ya kwanza tu, waratibu wetu wangelazimika kutenganisha mambo mawili. La mashine lingeangaliwa kwa ibara ya uharibifu: kama imeandikwa kwamba chuo hulipia uharibifu isipokuwa mwanagenzi alipoachwa bila msimamizi, swali linabaki moja, fundi alikuwa wapi. La kuosha magari lingeamuliwa na madaftari ya Ijumaa. Hapo ndipo inapoonekana kwamba ibara ya migogoro haijitegemei. Inafanya kazi pale tu ibara ya majukumu ilipoandikwa kwa vipimo. Majukumu yakiwa ya jumla, hata msuluhishi hodari hana cha kupimia.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, rasimu apewe fundi mkuu ambaye hakuwa kwenye mazungumzo, pamoja na mwalimu mmoja wa karakana. Kila mmoja aulizwe afanye nini, lini, na akikwama amwandikie nani. Wakitoa majibu yaleyale kutokana na karatasi peke yake, hati iko tayari. Wakitofautiana, bora rasimu irudi mezani sasa, kabla tofauti hiyo haijahamia kwa wanagenzi.